Neno la Hamsini na Nne

Baba yake alianguka kwenye neno la hamsini na nne.

Sikudhani, bintiye, ndiye aliyekuwa ameshika kengele. Alimwona akiinama kwanza, kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha, kisha magoti yakagusa chini, kisha kofia ikabiringika hadi miguuni pa watu, na mkono wake yeye, mkono wa binti, ukabaki hewani na kengele yake kimya, kwa sababu sentensi ilikuwa haijaisha. Yalibaki maneno kumi na mawili. Aliyahesabu. Hilo ndilo lililokuja kumtisha baadaye kuliko mauti yenyewe. Aliyahesabu yote, moja moja, na nukta ilipofika akapiga kengele, na uwanja mzima ukavuta pumzi isipokuwa baba yake, Mzee Shaame.

Mji ule ulikuwa na jina zamani, lakini jina hutaka pumzi ya kulitamka, na watu wa pale walikuwa wamejifunza kubana matumizi ya pumzi. Jua lao halikufuata saa. Siku ilianza Msomaji alipofungua ukurasa na ikaisha alipoufunga. Ukurasa mrefu ulileta siku ndefu, na wapo walioapa kwamba mwaka fulani mchana mmoja ulidumu hata watoto wakaota ndevu. Kila mchana watu walikusanyika uwanjani. Msomaji alisimama juu ya jiwe, akasoma polepole, kila neno kwa pigo moja la moyo, na waliokuwa chini hawakuvuta pumzi mpaka nukta. Penye nukta kengele ililia. Hapo kifua kilipanda, kikashuka, kikangoja. Na ukurasa uliposema "mtu mmoja", kila aliyesimama pale aligeuka kuwa mtu yule. Mama alisahau kuwa mama, mhunzi akasahau nyundo yake. Wote wakawa mtu mmoja anayetembea kwenye nyumba moja, hadi ukurasa ufungwe na kila mmoja arudishiwe uso wake, akiwa hana hakika sana kama ni uleule aliokuja nao.

Ni nani aliyeandika kurasa? Hakuna aliyeuliza. Kuuliza nako hutaka pumzi.

Ili watu wasidhurike palikuwa na Nyumba ya Vipimo, na humo ndimo Sikudhani alimofanya kazi tangu amalize chuo, akiwa na imani kubwa kwamba analinda vifua vya watu. Kila ukurasa uliletwa kwao kabla ya kusomwa. Mpimaji alihesabu maneno, akahesabu nukta, akagawanya. Wastani wa sentensi ukiwa chini ya maneno kumi na matano, ukurasa ulikuwa salama, akaugonga muhuri, na yeye mwenyewe ndiye aliyeshika kengele siku ya kuusoma. Lakini palikuwa na mwiko mmoja. Mpimaji alihesabu kuanzia mwisho kurudi mwanzo, neno la mwisho likiwa la kwanza, ili maana isimkamate akapoteza hesabu. Kwa hiyo hapakuwa na mpimaji aliyewahi kusoma ukurasa alioupitisha.

Ukurasa wa Mzee Shaame ulikuwa na maneno mia moja na saba, nukta kumi. Kumi na pointi saba. Salama kabisa. Muhuri ulikuwa wa Sikudhani.

Na desturi ilisema kwamba ukurasa ulioondoka na mtu husomwa tena siku ya arobaini, kwa heshima yake, na mjane wake husimama mstari wa mbele.

Siku ya thelathini na tisa Sikudhani aliutoa ukurasa kabatini, akaukunja, akauficha kifuani, akaenda nao nyumbani. Mama yake, Bi Ruzuna, alikuwa barazani na ungo wa mchele mapajani. Kifua chake kilikuwa kibovu tangu miaka aliyofanya kazi kwenye tanuri la chokaa. Hata kupanda ngazi tatu kulimfanya atafute ukuta, kwa hiyo siku nyingi aliruhusiwa kusikiliza kutoka barazani, akiwa amekaa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mbona mapema? Wamekufukuza?"

"Bado."

"Bado," mama yake akarudia, akitupa kijiwe uani. "Haya, kaa. Uso wako kama umemeza funguo."

"Nataka nikusomee kitu. Wewe endelea na mchele. Usinisikilize sana."

"Kukusikiliza kidogo nimezoea."

Sikudhani akafunua ukurasa. Kwa mara ya kwanza maishani mwake akauanza kwenye mwanzo wake.

*Mtu mmoja alikuwa akitembea kwenye ukumbi mrefu wa nyumba yake. Taa zilikuwa zinawaka na sakafu ilikuwa imefagiliwa vizuri asubuhi ile. Alipita chumba cha wageni, akapita jiko, akapita chumba cha watoto.*

Vidole vya Bi Ruzuna vilikwenda vizuri. Chukua, tupa, chukua, tupa. Maneno kumi, nukta. Maneno kumi, nukta. Maneno kumi, nukta. Hapakuwa na la kuogopa, na mwili ulikuwa umekwisha kujua wapi pa kupumzika, kama mguu unavyojua ngazi za nyumbani.

*Alisimama. Mlango ulikuwa umefungwa. Hakuufunga yeye. Alisikiliza. Kimya.*

Vidole vikasita. Neno moja, matatu, mawili, moja, moja. Nukta tano ndani ya maneno manane. Mguu uliozoea ngazi za kimo kimoja ulikuwa umekuta ngazi isiyokuwepo. Sikudhani akaona bega la mama yake likipanda mara tano, juujuu, pumzi fupi za kooni, kila moja ikikatwa na nyingine kabla haijafika chini. Pumzi zilikuwa nyingi na hewa ilikuwa haba. Na akiwa katika hali hiyo, kifua nusu tupu, ndipo alipoingizwa kwenye ile ndefu.

*Na yule mtu, aliyeijenga nyumba ile kwa mikono yake, aliyejua kila ufa wa ukuta na kila mlio wa dari, ambaye tangu utotoni hakuwahi kuogopa giza wala mgeni, akiwa amenyoosha mkono kuelekea kitasa, akiwa anasikia ubaridi wa chuma kabla ya kukigusa, akiwa anahesabu mapigo ya moyo wake mwenyewe kama mtu anayehesabu ngazi za kushuka kisimani,*

Sikudhani akanyamaza. Mkono wa mama yake ulikuwa umefumba punje za mchele hadi vifundo vikawa vyeupe.

"Ndio ule," Bi Ruzuna akasema.

"Ndio, Mama."

"Hapo. Hapo penye kisima."

"Hapo hapo."

Kuku akaja, akadonoa kijiwe, akakiacha.

"Soma tena," mama yake akasema. "Kama unatafuta kitu, kitafute nikiwa nimekaa."

Basi wakaanza kutafuta. Kwanza Sikudhani alidhani ubaya uko kwenye sentensi fupi, kwa kuwa ndizo zilizosimamisha vidole. Akatunga zake. "Alinunua nyanya. Alinunua chumvi. Alilipa. Alirudi."

"Na vitunguu je?" mama yake akauliza, vidole vikienda.

Fupi vilevile, na hapakuwa na kitu. Hakuna aliyekuwa akingojea nyanya. Ufupi peke yake haumkabi mtu; hukaba pale ambapo kuna swali ambalo limeachwa bila jibu, na mlango uliofungwa na mtu mwingine ni swali. Tena zile za sokoni hazikuvunja mwendo wowote. Zilianza fupi zikaisha fupi. Za ukurasani zilivunja mwendo wa kumi-kumi-kumi ambao sikio lilikuwa limeshauamini.

Akajaribu la pili. Akasoma zile tatu za mwanzo, akaruka zile fupi zote, akaingia moja kwa moja kwenye ile ndefu. Vidole vya Bi Ruzuna vilipunguza mwendo, lakini havikufumba. Alikuwa ameingia na kifua kilichojaa.

Akajaribu la tatu. Akaichukua ile ndefu, kitenzi cha mwisho akakileta mbele. "Alisukuma mlango yule mtu aliyeijenga nyumba ile kwa mikono yake, aliyejua kila ufa wa ukuta..."

"Ah," mama yake akamkatiza. "Kumbe ameshafungua. Sasa hayo mengine ya nini?"

Sikudhani akalinganisha. Maneno yalikuwa karibu yaleyale na urefu uleule. Alichofanya ni kulipatia jibu nafasi ya kwanza. Akaurudia ukurasa kwa kidole. Mtu ametajwa kwenye neno la tatu. Alichokifanya mtu huyo kimewekwa kwenye neno la sitini na sita. Kati yake maneno sitini na mawili, na sikio limeshika ncha moja ya kamba, likingoja ncha ya pili. Halafu zile "akiwa", tatu. Kila "akiwa" humwambia msikilizaji kwamba tendo lenyewe liko jirani, subiri kidogo, na badala ya tendo inakuja "akiwa" nyingine. Vipande vyake navyo vilirefuka: maneno matano hadi kitasani, manane hadi kwenye chuma, kumi na manne hadi kisimani. Kama mtu anayekuambia bado kidogo, bado kidogo, na kila kidogo ni kirefu kuliko kidogo kilichopita.

Baba yake alifia mwisho wa kile kirefu kuliko vyote.

Na yeye aliugonga muhuri. Kumi na pointi saba. Ile moja ya maneno sitini na sita ilikuwa imejificha nyuma ya zile za neno moja moja, na hesabu ikazigawanya kwa upole, kila moja ikapata haki yake, na kifua cha mzee hakipumui kwa wastani, kifua hupumua sentensi moja, kisha nyingine, kwa mfuatano wake. Alijua. Hapana, hakujua. Alihesabu. Alihesabu vizuri sana.

"Mama, kesho usiende."

"Nisiende arobaini ya mume wangu?" Bi Ruzuna akapepeta ungo, makapi yakaruka. "Waseme nini?"

"Utaanguka."

"Basi nitaanguka mstari wa mbele." Kisha akaona macho ya binti yake, na sauti ikashuka. "Wewe ndiye mwenye kengele. Mimi nitakutazama wewe."

Asubuhi, kabla ya jua kuamua, Sikudhani alimkuta Mzee Makame, mkuu wa Nyumba ya Vipimo, akinoa kalamu. Mzee Makame alikuwa na mzaha kwa kila jambo isipokuwa kugawanya.

"Binti, umewahi kuliko vumbi."

"Nataka ukurasa huu uzuiwe."

Akauangalia muhuri. "Kumi na pointi saba. Nyumbani kwangu hata salamu hazina wastani mzuri hivi."

"Mzee, mtu akila vizuri siku ishirini kisha akanyimwa siku kumi mfululizo, wastani wake ni mzuri?"

"Mzuri sana. Marehemu, lakini mzuri." Akacheka, kisha akaona kwamba yeye tu ndiye anayecheka.

"Usome," Sikudhani akasema. "Kuanzia mwanzo."

"Hatusomi."

"Najua. Usome."

Mzee Makame alikataa mara mbili. Mara ya tatu akaweka kidole kwenye neno la kwanza, kwa aibu, kama mtu anayevuliwa nguo. Kidole kikaenda vizuri hadi chumba cha watoto. Kikaruka, kikasimama, kikaruka. Kikaingia kwenye ile ndefu, na Sikudhani akaona midomo ya mzee ikigeuka rangi, na hapakuwa na kengele chumbani, na mzee hakupumua. Kidole kikapita kisimani. Kikapita kwenye taa za ukumbi *zikizimika moja baada ya moja*. Kikafika *alisukuma*. Kikafika mstari wa mwisho, na hapo akatoa sauti ambayo haikuwa neno.

Mstari wa mwisho ulisema: *Chumba kilikuwa kitupu.*

"Hamna kitu," akasema. "Hamna kitu ndani."

"Hamna."

"Shaame alikufa kwa..." Akainuka, akafungua kabati, akavuta ukurasa wowote, muhuri wake mwenyewe, wa zamani. Akausoma kuanzia juu. Mtu alikuwa akivuta kamba ya kisima, akivuta, akivuta. Ndoo ikatoka tupu. Akavuta mwingine. Barua iliyofunguliwa kwa sentensi ndefu kama mchana wa kiangazi, karatasi nyeupe. Mwingine. Sanduku. Mwingine. Kurasa zikajaa mezani na zote, zote, baada ya kuwabana watu hadi mwisho wa uwezo wao, hazikuwa na kitu cha kuwaonyesha.

Mzee Makame akakaa sakafuni, miguu mbele kama mtoto.

"Miaka thelathini na moja," akasema. "Nilidhani nalinda watu na jambo kubwa lililomo ndani."

"Mtu aliyebana pumzi haulizi kilichomo," Sikudhani akasema, na akashtuka kulisikia neno hilo likitoka kinywani mwake, kwa maana sasa alielewa kwa nini kurasa zilihitaji kuandikwa vile. Hofu ilikuwa kazi ya mwendo wa maneno tu. Hapakuwa na mnyama nyuma ya mlango. Palikuwa na mtu mahali fulani anayejua kuhesabu vizuri kuliko wao, tena kutoka mbele.

"Siwezi kuuzuia," Mzee Makame akasema. "Neno haliguswi. Nukta haiguswi."

"Na kengele?"

"Kengele hulia penye nukta."

"Imeandikwa wapi?"

Mzee akafikiri. Uso wake ukazidi kuwa na mshangao. "Haijaandikwa," akasema. "Ndivyo tulivyozoea. Lakini, binti, yupo mmoja aliyewahi kuipiga nje ya mahali pake. Msomaji alimvua jina. Akatembea mji huu siku tatu, watu wakimpita kama hewa. Siku ya nne hata mimi nilisahau nilikuwa namtafuta nani."

Sikudhani akachukua kengele.

Uwanja ulikuwa umejaa. Bi Ruzuna alisimama mbele, kanga yake nyeusi imebanwa kidevuni, macho kwa binti yake kama alivyoahidi. Msomaji, mtu mrefu mwenye sauti tamu, akapanda jiweni. Siku ikaanza.

*Mtu mmoja.* Na wote wakawa yeye. Sikudhani akaona nyuso zikifanana, mamia, hata uso wa mama yake ukaanza kuwa wa mtu mwingine. Kumi, kengele. Kumi, kengele. Kumi, kengele. Uwanja ulipumua kama mnyama mmoja aliyelala.

*Alisimama.* Kengele. Kengele. Kengele. Kengele. Kengele. Vifua vikarukaruka.

*Na yule mtu,*

Alikuwa amepanga kungoja hadi kisimani. Kabla ya hapo, alijiambia, mama ataweza. Lakini kwenye *ambaye tangu utotoni* midomo ya Bi Ruzuna ilikuwa na rangi ya jivu, na kwenye *akiwa amenyoosha mkono* kidevu kilianza kuinama, kuinama kulekule, kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha. Neno la thelathini na mbili. *Kitasa.* Baada yake palikuwa na koma tu, alama ndogo ambayo katika mji ule hakuna aliyeijali.

Akapiga kengele.

Mlio ulikwenda hadi ukingo wa uwanja na kurudi. Kwa nusu ya pigo la moyo hakuna aliyethubutu. Kisha mwili, ambao hauna adabu, ukafanya kazi yake: vifua mia tano vikafunguka kwa pamoja. Bi Ruzuna akainua kichwa. Msomaji akageuka, macho yamemtoka, lakini sentensi ilikuwa mdomoni mwake na hakuwa na ruhusa ya kuikata.

*Akiwa anasikia ubaridi wa chuma kabla ya kukigusa,*

Kengele. Wakapumua. Na jambo likatokea ambalo halikuwahi kutokea tangu mji upoteze jina: nyuso zikaanza kuachana. Mhunzi akawa na pua yake. Mwanamke mnene wa mstari wa tatu akarudi kuwa yeye, akasema kwa sauti ya kawaida, "Si afungue tu, anachelewa nini?"

Mtu akacheka puani. Mwingine akamwambia anyamaze, lakini kwa kupumua.

*Anayehesabu*, *ngazi*, *kisimani.* Neno la hamsini na nne. Sikudhani akapiga kengele kwa nguvu zaidi ya zote, akampigia aliyekuwa ameondoka, siku arobaini baada ya kuihitaji.

Msomaji alikuwa amefika kwenye taa, na sauti yake tamu ikaanza kukwaruza. Sikudhani akamtazama, akaona asichokuwa amekitarajia. Midomo ya Msomaji nayo ilikuwa ya jivu. Naye hakuwa amevuta pumzi. Naye alikuwa akingoja nukta, siku zote, juu ya jiwe lake. Akampigia na yeye. Msomaji akavuta hewa, kwa mshtuko, kama mtoto aliyetolewa majini, na neno *alisukuma* likamtoka bila uzito wowote.

"*Chumba*," akasema, "*kilikuwa kitupu.*"

Hapakuwa na kishindo. Maneno yale matatu yalikuwa yameangukia siku zote kwenye vifua vilivyokauka, watu wakashukuru kwa nukta bila kujali ilikuja na nini. Sasa walikuwa na hewa, na kwa hewa wakasikia.

"Kitupu?" mhunzi akauliza.

"Ndio hivyo tu?" mwanamke mnene akasema.

Mshangao ukapita uwanjani kutoka uso hadi uso, na kila mmoja alikuwa akihesabu wake: baba, dada, jirani, chumba kitupu, ndoo tupu, karatasi nyeupe.

Msomaji akashuka hatua moja. Akamnyooshea Sikudhani mkono. "Huyu," akasema, "kuanzia leo hana jina."

Sikudhani akahisi kitu kikilegea ndani yake, herufi ya kwanza ikitaka kudondoka. Akaona macho ya walio karibu yakianza kumpita, kama alivyoambiwa, kuelekea ukuta ulio nyuma yake. Kengele ikawa nzito. Alijaribu kujikumbusha anaitwaje.

"Analo," Bi Ruzuna akasema. Sauti ilikuwa ndogo, ya kifua cha chokaa, lakini uwanja ulikuwa kimya. "Nilimpa mimi. Tulikuwa tumekwisha kata tamaa ya mtoto, Shaame na mimi, hatukudhani tutampata. Sikudhani, njoo unishike mkono, twende nyumbani."

Watu wakageuka. Wakamwona.

Bi Ruzuna akavuta pumzi, ndefu, hadi chini. Hakungoja kengele.